Mkataba wa Maji Uliovunjika Dar es Salaam

Katika ubia wa serikali na sekta binafsi, kila hatari inapaswa kubebwa na upande unaoweza kuidhibiti vyema zaidi. Agosti 2003, kampuni ya City Water ilianza mkataba wa miaka 10 wa kuendesha huduma ya maji Dar es Salaam. Mabomba yalibaki mali ya DAWASA. Kampuni ilisoma mita, ikatoza ankara na kubeba hatari ya makusanyo. Hesabu ya zabuni yake ilitegemea makusanyo makubwa kuliko yaliyopatikana. Fedha zilipopungua, kampuni ilichelewesha malipo kwa DAWASA na kuomba masharti mapya. Mazungumzo yalikwama, na Mei 2005 serikali ikauvunja mkataba. Zabuni yenye makisio hafifu huirudisha hatari kwa umma.