Seva Isiyo na Madirisha: Diski Igawe kwa Kubakiza

Unataka kujifunza kuendesha seva, na ulicho nacho ni kompyuta yako ya kila siku. Njia nyepesi ni kuunda mashine pepe ndani yake: kompyuta mgeni inayoazima memori na diski ya mwenyeji wake. Hapa tunatumia VirtualBox na Debian 12, kwa faili dogo la usakinishaji linaloitwa netinst. Mgeni mpe memori ya GB 1 na diski ya GB 20. Diski hiyo ikiwa ya kukua kadiri inavyojazwa, haitachukua GB 20 za mwenyeji siku ya kwanza. Jambo moja la kuangalia kabla ya kuwasha: VirtualBox 7 inaweza kujisakinishia Debian yenyewe bila kukuuliza. Zima chaguo hilo, la sivyo diski itagawanywa kabla hujatoa neno.

Kwenye ugawaji wa diski ndiko penye uamuzi mzito. Wengi huchagua kuweka kila kitu katika sehemu moja, na kwa muda hakuna tatizo. Lakini kwenye seva, vitu vinavyokua vingi hukaa ndani ya `/var`: kumbukumbu za matukio, hifadhidata, na vifurushi vilivyopakuliwa. Tovuti ikishambuliwa na maombi usiku kucha, faili za kumbukumbu zinaweza kula nafasi yote, na kila programu inayojaribu kuandika ikajibiwa `No space left on device`. `/var` ikiwa sehemu yake, itajaa peke yake. Mfumo wenyewe utabaki na nafasi, nawe utapata pa kufanyia usafi. Hata hivyo, hifadhidata iliyomo humo itakwama vilevile. Ukuta huo unalinda mfumo, haulindi data.

Basi kisakinishi kikiuliza namna ya kugawa, chagua `Manual`. Usishangae kukiona kikitaja GB 21.5 badala ya 20. Kinahesabu GB kwa elfu, wakati VirtualBox huhesabu kwa 1,024. Tenga GB 1 kwa ajili ya `/boot`, kwa kuwa kerneli mpya huongezwa humo kila baada ya muda na sehemu finyu hujaa. Nafasi yote iliyobaki ikabidhi LVM, mpango unaokuruhusu kubadilisha ukubwa wa sehemu baadaye, na kundi lake liite `vg0`. Ndani ya kundi hilo kata sehemu tatu: `root` ya GB 6 kwa ajili ya `/`, `var` ya GB 5, na `swap` ya GB 1. Mbili za kwanza zipe mfumo wa faili wa ext4.

Ukijumlisha utaona zaidi ya GB 8 hazijapewa mtu. Ziache hivyo hivyo. Sehemu ya ext4 hupanuliwa huku seva ikifanya kazi, lakini kuipunguza kunadai kwanza uitoe kwenye matumizi, na kwa `/` hiyo ni shughuli pevu. Ndiyo maana ni afadhali kila sehemu ianze na kinachoitosha leo.

Karibu na mwisho itakuja orodha ya programu, ikiwa na alama tayari kwenye `Debian desktop environment` na `GNOME`. Ziondoe kwa kitufe cha nafasi, si kwa Enter. Enter hukupeleka mbele na alama zikabaki. Weka alama kwenye `SSH server` na `standard system utilities`. Mwongozo wa Debian unapendekeza memori ya MB 512 kwa mfumo usio na madirisha, na GB 2 kwa wenye madirisha. Baada ya kuwasha upya, skrini nyeusi yenye neno `login:` ndiyo dalili kwamba umefaulu.

Sasa tuseme miezi imepita, na `df -h` inaonyesha `/var` imefika asilimia 90. Kwanza tafuta kinachoijaza, maana kuongeza nafasi kwa kumbukumbu zisizodhibitiwa ni kuahirisha tatizo. Ikiwa ni hifadhidata iliyokua kihalali, angalia akiba, kisha ongeza:

```
sudo vgs
sudo lvextend -r -L +3G /dev/vg0/var
```

Safu ya `VFree` katika jibu la amri ya kwanza itakuonyesha karibu GB 8. Amri ya pili huchukua 3 kati ya hizo bila kuzima chochote. Herufi `-r` ndiyo inayopanua mfumo wa faili pamoja na sehemu yake. Ukiisahau, `lvs` itaonyesha ukubwa mpya lakini `df -h` itang'ang'ania ule wa zamani. Hakuna kilichoharibika, malizia kwa `sudo resize2fs /dev/vg0/var`.