Kengele Moja Kati ya Kingo Mbili

Chora mstari wa kyubiti 5, kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia. Kila kyubiti mbili zinazopakana zina mkaguzi katikati yao. Mkaguzi haruhusiwi kuchungulia kilichomo ndani ya kyubiti, kwa kuwa kuchungulia kunaharibu hesabu. Anachouliza ni iwapo jirani zake wawili bado wanapatana. Wakikosana, anapiga kengele.

Sasa kyubiti ya kwanza na ya pili zikosee. Wakaguzi walio kati ya zilizokosea hawaoni kitu. Inalia kengele moja tu, baina ya ya pili na ya tatu. Programu ya kusahihisha inapima: kosa limetoka kushoto, hatua 2, au kulia, hatua 3? Inachagua njia fupi na kupatia. Lakini zikikosea 3 za kwanza, njia fupi inakuwa ile ya kulia. Programu inageuza kyubiti 2 zilizokuwa nzima, mstari mzima unapinduka, na kengele zote zinanyamaza. Kosa la namna hii ndilo la kuogopwa, maana halijulikani.

Msimbo wa uso ni mistari hiyo iliyosukwa kwa urefu na upana, kama bao la drafti. Bao la upana wa 3 huangushwa na makosa 2, la 5 kwa makosa 3, la 7 kwa 4. Kila tunapolipanua, bahati mbaya inahitaji kosa moja zaidi. Lakini bao kubwa lina njia nyingi zaidi za kukosea, tena wakaguzi wenyewe hukosea. Tuseme kila upanuzi unazidisha njia hizo mara 100. Kyubiti ikikosea mara 1 katika 1,000, hatari inashuka hadi sehemu ya kumi. Ikikosea mara 2 katika 100, hatari inakuwa maradufu, na kupanua ni kujitia hasara. Kizingiti ni pale mizani inapolala sawa: kwa msimbo huu, karibu asilimia 1.

Mwaka 2023 Google walitoka upana wa 3 hadi 5 na kosa likapungua kiduchu tu, kutoka asilimia 3.028 hadi 2.914 kwa kila mzunguko wa ukaguzi. Walikuwa wamesimama mlangoni kabisa. Chipu yao ya Willow, iliyotangazwa Desemba 2024, ilifika upana wa 7 kwa kyubiti 49 za data na wakaguzi 48. Safari hii kila upanuzi uligawa kosa kwa takriban 2.14, likafikia asilimia 0.143.

Hesabu yote hii inadhani makosa huja moja moja, bila kuambiana. Katika jaribio jingine la msimbo rahisi zaidi, uliotanuliwa hadi upana wa 29, watafiti hao walikuta takriban mara moja kwa saa kundi zima la kyubiti linakosea kwa pamoja.