Je, Deni Linaongeza Thamani ya Kampuni?

Mnamo Juni 1958 jarida la wanauchumi wa Marekani lilichapisha makala ya Franco Modigliani na Merton Miller, walimu wawili wa chuo cha teknolojia cha Carnegie mjini Pittsburgh. Hoja yao iliwashangaza wakurugenzi wa fedha waliozoea kukesha wakipima kampuni ikope kiasi gani na iuze hisa ngapi. Kwa mujibu wa walimu hao, kama hakuna kodi, wala gharama za kufilisika, wala mtu anayejua siri ambayo wengine hawaijui, kipimo hicho hakiongezi wala kupunguza hata senti moja katika thamani ya kampuni.

Ushahidi wao haukutegemea hesabu ngumu. Ulimtegemea mwekezaji anayejua kutafuta bei nafuu.

Tuchukue kampuni mbili za kufikirika zinazosaga unga, zenye mashine zilezile, wateja walewale na hatari zilezile. Kila moja inapata faida ya shilingi milioni 120 kwa mwaka, kabla ya kulipa riba, na tuseme faida hiyo itaendelea hivyo miaka yote. Kampuni A haina deni. Wawekezaji wanataka pato la asilimia 12 kwa biashara ya hatari hiyo, kwa hiyo hisa zake zote zina thamani ya milioni 1,000. Kampuni B inadaiwa milioni 400 kwa riba ya asilimia 8. Kila mwaka inalipa riba ya milioni 32, na wenye hisa wanabaki na milioni 88.

Sasa tuseme soko limeipenda B na kuzipa hisa zake bei ya milioni 700. Ukijumlisha na deni, kampuni nzima inahesabiwa kuwa ya milioni 1,100, yaani imeizidi pacha wake kwa milioni 100. Mtu mwenye asilimia 10 ya hisa za B ana mali ya milioni 70 na anapokea gawio la milioni 8.8. Anaziuza hisa hizo, kisha anakopa milioni 40 kwa jina lake mwenyewe, kwa riba ileile ya asilimia 8. Mkononi ana milioni 110. Kwa milioni 100 ananunua asilimia 10 ya hisa za A, zinazompa milioni 12 kwa mwaka. Akilipa riba yake ya milioni 3.2 anabaki na milioni 8.8, pato lilelile alilokuwa nalo. Hatari aliyobeba pia ni ileile, ila deni limehama kutoka kwenye vitabu vya kampuni kuja kwenye vitabu vyake. Na milioni 10 zimebaki mfukoni bila kazi yoyote.

Nafasi kama hiyo haikai sokoni. Wenzake watauza hisa za B na kununua za A, mpaka hisa za B zishuke kufikia milioni 600 na kampuni zote mbili ziwe na thamani moja ya milioni 1,000. Wenye hisa wa B watapata milioni 88 kwa mtaji wa milioni 600, karibu asilimia 14.7 badala ya 12. Nyongeza hiyo si zawadi. Ni malipo ya kukaa mwisho kwenye foleni, maana mkopeshaji hulipwa kwanza, mwaka uwe mzuri au mbaya.

Msomaji mwenye macho makali atauliza ni mtu gani wa kawaida anayekopa kwa riba sawa na ya kampuni. Ni kweli, wengi hawapati riba hiyo. Lakini hoja haimhitaji kila mtu aweze. Inatosha wawepo wachache wenye uwezo huo na mtaji wa kutosha kusukuma bei.

Kodi ndiyo inayobadilisha mambo. Katika sheria za nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwemo, riba ni gharama inayotolewa kabla ya kodi kuhesabiwa, ilhali gawio hulipwa kutoka katika kile kilichobaki baada ya kodi. Kiwango cha kawaida cha kodi ya kampuni katika nchi hizo mbili ni asilimia 30, basi tukitumie.

Kampuni A inalipa kodi ya milioni 36 na kubaki na milioni 84. Kwa pato la asilimia 12, thamani yake inashuka hadi milioni 700. Kampuni B inatoa kwanza riba ya milioni 32, inatozwa kodi kwenye milioni 88 zilizobaki, na inalipa serikali milioni 26.4. Wenye hisa wanapata milioni 61.6, mkopeshaji milioni 32, jumla milioni 93.6. Biashara ni moja, unga ni mmoja, lakini wenye mitaji wa B wanachukua milioni 9.6 zaidi kila mwaka. Fedha hizo ndizo serikali imezikosa.

Je, milioni 9.6 kwa mwaka zina thamani gani leo? Hapa ndipo mabingwa wenyewe walipojikwaa. Mwaka 1958 walizipima kwa asilimia 12, kana kwamba punguzo la kodi lina hatari sawa na biashara yenyewe. Kwa mfano wetu hilo lingetoa milioni 80, na B ingekuwa ya milioni 780. Mwaka 1963 walichapisha masahihisho. Punguzo la kodi hufuata riba, na riba imekwisha kuandikwa kwenye mkataba, kwa hiyo lipimwe kwa kiwango cha mkopo wenyewe. Milioni 9.6 zikigawanywa kwa asilimia 8 zinatoa milioni 120, ambayo ni asilimia 30 ya deni la milioni 400. Thamani ya B ni milioni 820. Kanuni iliyobaki vitabuni hadi leo ni fupi, ambapo t ni kiwango cha kodi na D ni deni:

V_B = V_A + t × D

Kanuni hiyo ina kasoro inayoonekana mara moja: inaishauri kampuni ikope bila kikomo. Miller alilirudia jambo hilo mwaka 1977, akaonyesha kwamba kodi anayotozwa mkopeshaji kwenye riba yake inaweza kula sehemu ya faida hiyo, hata yote. Watunga sheria nao waliiona. Kenya, kwa mfano, ina kanuni inayokataa riba ya mikopo ya nje inayozidi asilimia 30 ya faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Tuseme B haina uchakavu wa kuhesabu na imekopa milioni 800 kutoka ng'ambo. Riba yake ni milioni 64, lakini inayokubaliwa mwaka huo ni milioni 36 tu.

Kisha kuna mwaka mbaya, ambao kanuni haikuupangia nafasi. Tuseme mahindi yamepanda bei na faida ya kila kampuni imeanguka hadi milioni 20. A inalipa kodi ya milioni 6, inabaki na milioni 14, na mashine zinaendelea kuzunguka. B, yenye deni lake la milioni 400, inadaiwa riba ya milioni 32 na ina milioni 20. Haitozwi kodi, lakini pia hakuna kodi ya kupunguziwa. Hasara inaweza kusogezwa mbele kwenye vitabu, wakati mkopeshaji anataka milioni 12 zilizopungua sasa hivi. Wasambazaji wa mahindi wakisikia habari hiyo huanza kudai fedha taslimu kabla ya kushusha magunia, na meneja mzuri wa kinu huanza kutafuta kazi kwingine. Gharama hizo huanza kabla kesi haijafika mahakamani, na ndizo zinazoimega ile milioni 120.