Asipokuja au kama hatakuja: kujaza pengo la sharti

Kiambishi -sipo- ndicho ukanushi wa -ki- ya masharti: akija hukanushwa kuwa asipokuja. Kiambishi cha nafsi hakibadiliki, kwa hiyo *hasipokuja ni kosa, maana ukanushi tayari umo ndani ya -si-. Vitenzi vya silabi moja hurudisha ku-: akila, lakini asipokula.

Tuchukue zoezi hili: "Juma ____ (kuja) kesho, tutaanza bila yeye." Pengo halina neno la sharti mbele yake, hivyo kitenzi chenyewe hubeba sharti na ukanushi: asipokuja. Sentensi ikianza "Ikiwa Juma ____ kesho" au "Kama Juma ____ kesho", sharti limeshatajwa. Kinachobaki ni ukanushi wa wakati: hatakuja. Kuandika "kama asipokuja", ingawa husikika katika mazungumzo, ni kutaja sharti mara mbili.

Tofauti kubwa iko katika wakati. Asipokuja haionyeshi wakati wowote. Hutegemea kitenzi kinachofuata. Kwa jambo la jana ambalo msemaji hana hakika nalo, ikiwa na kama hufaa zaidi: "Kama hakuja jana, mpigie simu."