Utangulizi: Kutoka Kwenye Kadi Hadi Kwenye Kiti

Kama umewahi kukabidhiwa kadi ya harusi na jamaa aliyekwambia, "Wewe si unajua Kiingereza, hebu tutafsirie hii mara moja," basi ulishaingia katika taaluma inayozungumzwa humu. Jamaa huyo alidhani ni kazi ya dakika kumi. Wewe ukafika kwenye mstari wa pili ukakwama, na ulikuwa na haki ya kukwama.

Kadi ya mwaliko ni matini fupi sana, lakini kila neno lake lina kazi ya kufanya ukumbini. Linaamua nani aje, wangapi, saa ngapi, wamevaa nini, na mwishowe wakae wapi. Mwaka 1978 mtaalamu wa Kijerumani Hans Vermeer alieleza nadharia ya skopo, neno la Kigiriki lenye maana ya lengo. Kwa nadharia hiyo, tafsiri hupimwa kwa kazi inayotakiwa kuifanya kule inakokwenda. Sijaona matini inayoithibitisha nadharia hiyo upesi kama kadi ya harusi. Ukikosea riwaya, msomaji hukunja uso. Ukikosea kadi, mama mzee aliyetoka mbali anakosa kiti.

Nitatumia kadi moja ya Dar es Salaam niliyoifanyia kazi, majina nikiyaacha pembeni. Ilisomeka hivi: "Familia ya marehemu Mzee … inayo furaha kukualika Prof./Dk./Mch./Bw./Bi. … kwenye sherehe ya ndoa ya kijana wao mpendwa … na … Ibada itafanyika saa 8:00 mchana, ikifuatiwa na tafrija ukumbini kuanzia saa 12:30 jioni. Vazi: la heshima. Rangi: kijani na dhahabu." Kwenye kona ya chini palichapwa neno moja, "Double".

Tuanze na anayealika. Katika kadi za Kiingereza za mtindo wa zamani, wenyeji hutajwa kwa majina yao na huwa watu walio hai. Kwetu marehemu hatoki kwenye kadi. Jina lake ndilo ukoo, na kulifuta ni kuwavunjia heshima waliobaki. Kwa hiyo nililiacha pale pale, familia ya marehemu fulani, kwa sababu Kiingereza kinaruhusu hata kama hakijazoea. Ngazi ile ya vyeo, kuanzia Profesa hadi Bibi, niliiondoa yote. Kwenye kadi ya Kiswahili imewekwa ili kamati ichague kimoja na kuandika jina kwa kalamu. Mgeni wa London akiikuta atadhani ni fomu ambayo haijajazwa.

"Kijana wao" ilinilazimu kupiga simu. Neno hilo linaweza kuwa mtoto wa kuzaa, na linaweza kuwa mpwa aliyelelewa nyumbani tangu akiwa mdogo. Kiingereza kinadai uchague, na mfasiri hana mamlaka ya kuchagulia watu ukoo wao. Niliuliza. Alikuwa mtoto wa kaka wa marehemu, na familia ikataka aitwe mtoto wao bila maelezo. Ndivyo nilivyoandika.

Kisha kuna kitenzi cha kualika. Desturi ya Kiingereza inatenganisha vitu viwili ambavyo Kiswahili kinavibeba kwa "inayo furaha kukualika". Kwa ibada ya kanisani huandikwa "request the honour of your presence". Kwa tafrija ya ukumbini huandikwa "the pleasure of your company". Kadi yetu ilikuwa na vyote viwili, hivyo nilitumia la kwanza juu, penye ibada, na la pili chini, penye tafrija. Mgeni anayezijua desturi hizo akasoma bila kuambiwa kwamba anatarajiwa kote kuwili.

Saa ndiyo hatari kubwa kuliko zote, na naisema kwa uchungu kwa sababu miaka mingi iliyopita niliwahi kuacha "8:00" kama ilivyo kwenye tafsiri yangu. Wageni wawili walifika kanisani asubuhi, wakakaa kwenye benchi chini ya mwarobaini kwa saa sita. Kanuni ni rahisi: saa ya Kiswahili na ya Kiingereza hupishana kwa sita. Saa 8:00 mchana ni 2:00, saa 12:30 jioni ni 6:30. Makosa hutokea kwa sababu tarakimu hazionekani kama maneno, na jicho la mfasiri huziruka. Tangu siku ile naandika saa kwa maneno, nikiongeza mchana au jioni, hata pale mteja anapotaka tarakimu. Na ukikuta "usiku wa Ijumaa" kwenye kadi ya pwani, simama kwanza. Kwa wanaohesabu siku kuanzia magharibi, huo ni usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Muulize mwenyeji tarehe.

Sasa vazi, na hapa nitakaa kidogo. "Vazi la heshima" ni maneno matatu ambayo kila Mtanzania anayaelewa na hakuna anayeyafafanua. Wapo wanaomaanisha suti na gauni refu. Wapo wanaomaanisha mabega na magoti yafunikwe. Mara nyingi ni yote mawili, kila moja na mahali pake. Nilimuuliza shangazi aliyekuwa mwekahazina wa kamati. Akajibu, "Kanisani wajifunike mabega. Ukumbini wapendeze." Nikaandika mistari miwili ya Kiingereza, mmoja wa kanisa na mmoja wa ukumbi. Kijana mmoja wa kamati alipendekeza tutumie lile neno la Kiingereza la tai nyeusi, kwa kuwa linasikika la kifahari. Nilikataa. Neno lile ni agizo mahususi: koti la jioni lenye kola ya hariri, shati jeupe na tai ya kipepeo. Mgeni mtiifu angekodi vazi hilo kwao, kisha angejikuta peke yake katikati ya suti za bluu na mashati ya kitenge.

Rangi nayo si vazi. Kijani na dhahabu zilikuwa rangi za sare, na sare ni ya familia na wanakamati walionunua kitambaa kile kile na kukipeleka kwa fundi. Ukiitafsiri "sare" kwa neno la Kiingereza la sare za shule, mgeni ataogopa kwamba asipokuwa nayo atazuiwa mlangoni. Nilieleza kwamba familia zitavaa kijani na dhahabu, na kwamba mgeni akipenda kujiunga nazo kwa kilemba au tai anakaribishwa. Mmoja aliyeipata kadi hiyo alinunua skafu ya kijani kabla ya safari, na akina mama wakampokea kama binti yao.

Limebaki lile neno la konani. "Single" na "Double" ni Kiingereza, lakini ni Kiingereza cha kamati zetu za harusi. Singo ni kadi ya mtu mmoja, dabo ni ya watu wawili, na kwa kawaida kila moja ina kiwango chake cha mchango. Mwingereza akiona "Single" kwenye kadi yake atadhani anaambiwa hana mchumba. Basi Kiingereza hicho nacho kikahitaji kutafsiriwa kwa Kiingereza, "This card admits two". Hapa ndipo tafsiri inapogeuka kuwa hesabu ya viti, na ndiyo maana sura zinazofuata zinaviweka pamoja.

Daftari la kamati yetu lilikuwa na kadi 167. Mjumbe mmoja alikuwa tayari ameagiza meza za watu 200, akiamini kwamba wengi wenye dabo watakuja peke yao. Tulihesabu upya. Dabo za hapa nchini zilikuwa 118, yaani watu 236. Singo zilikuwa 40. Kadi za nje ya nchi zilikuwa 9, saba kati yake dabo, yaani watu 16. Jumla 292. Hesabu watu, usihesabu kadi, na mtu aliyechangia dabo mhesabie viti viwili mpaka aseme mwenyewe kwamba mwenzake haji. Meza ya duara yenye kipenyo cha meta 1.8 hukalisha watu kumi, hivyo meza 30 zilitosha na viti vinane vikabaki. Lakini mshereheshaji, wapiga picha, wapiga muziki na madereva, watu 14 kwa jumla, hawana kadi, nao wanakula. Tukaongeza meza mbili karibu na muziki. Meza kuu ya maharusi na wasimamizi wao ilikuwa nje ya hesabu hiyo.

Kupanga nani akae wapi kulichukua jioni mbili. Wazazi na walezi walikaa mbele, upande wa bwana na upande wa bibi, na mjomba wa bibi harusi akasogezwa kutoka meza ya sita hadi ya kwanza baada ya wazee kutukumbusha nafasi yake. Katika familia kadhaa mkwe haketi akitazamana na mkwe wake anapokula. Hilo halitaandikwa kwenye kadi wala hakuna atakayekwambia usipouliza. Namba ya meza pia huamua utaitwa lini kwenye chakula, kwa hiyo tuliwaweka wazee wenye kisukari kwenye meza zinazoitwa mwanzo.

Wale 16 wa nje, kamati ilitaka kuwakusanya pamoja kwenye meza mbili zilizopambwa vizuri. Niliomba tusifanye hivyo. Wakikaa peke yao hawatajua lini wasimame kusindikiza zawadi wakicheza, wala kwa nini ukumbi mzima umelipuka kwa vigelegele mbuzi mzima wa ndafu anapoingia. Tuliwagawa wanne wanne kwenye meza nne, kila meza ikiwa na mwenyeji mmoja anayezungumza lugha zote mbili.

Harusi za Lamu, Mombasa na Unguja zina sura yao humu, kwa kuwa pale mara nyingi kadi moja huwa na shughuli mbili: nikahi ya wanaume msikitini na shughuli ya wanawake mahali pengine. Mfasiri asiposema wazi nani anaalikwa wapi, mume na mke watafika mlango mmoja.

Jambo la mwisho kabla hujafungua sura ya kwanza ni orodha ya mlangoni. Tuliipanga kwa alfabeti, kwa majina yaliyo kwenye kadi, tukaona tumemaliza. Saa moja usiku akafika mama aliyeiacha kadi yake nyumbani. Vijana wa mapokezi walimtafuta kwa jina analojulikana nalo mtaa mzima, Mama Asha, wakamkosa, kwa kuwa daftari lilikuwa na jina lake la ubatizo na la ukoo wa mumewe, na pale mlangoni hakuna aliyeyajua. Alisimama kando karibu nusu saa mpaka shangazi mwekahazina alipopita akamwona. Orodha ninazotengeneza sasa zina safu mbili za majina, la kadi na la kuitwa, na la kuitwa ndilo linalotangulia.