"Nitumie maelezo zaidi"

Umemwandikia mwenye gesti, umejitambulisha, umesema unauza na kufunga hita za maji za sola. Saa mbili baadaye simu inalia: "Nitumie maelezo zaidi." Hakuna salamu, hakuna swali, hakuna jina. Wauzaji wengi hapo hufurahi, wakatafuta lile faili la PDF lenye kurasa 14 na picha za kiwandani, wakalirusha, kisha wakaanza kusubiri. Alama mbili za bluu zinatokea. Baada ya hapo, kimya.

Alama hizo zenyewe hazisemi mengi. Zinaonyesha kwamba mtu amefungua mazungumzo yenu, si kwamba amefungua faili, sembuse kulisoma. Na aliyezizima kwenye mipangilio ya simu yake hatakuonyesha hata hizo.

Tatizo ni kwamba maneno yale matatu yanaweza kumaanisha mambo matatu yasiyofanana. Huenda mtu hataki, ila kwetu kumwambia mgeni "sitaki" ni ukali, kwa hiyo anaomba maelezo kama vile anavyosema "tutaona" au "nitakucheki". Huenda anataka kweli lakini hajui aulize nini, maana hajawahi kununua kitu hicho. Au si yeye mwenye uamuzi. Anataka karatasi ya kumwonyesha mume, mbia au mhasibu. Ukimtumia kila mmoja faili lilelile, wa kwanza umemsumbua, wa pili umemchanganya, na wa tatu umempa mzigo asioweza kuueleza kwa mwenzake.

Kwa hiyo jibu zuri lina kazi mbili: kumpa alichoomba, kidogo lakini cha kweli, na kumuuliza swali moja litakaloonyesha yeye ni nani kati ya hao watatu. Kumnyima maelezo mpaka "tuongee kwanza kwa simu" ni kosa. Watu wamechoka na wafanyabiashara wanaoficha bei.

Tuchukue mfano wa gesti ya vyumba 12 mjini Moshi, mwenye mali akiwa mama wa makamo. Kijana anayeuza angeweza kujibu hivi:

"Asante sana mama. Nimekutumia ukurasa mmoja: picha ya hita ya sola juu ya paa la bati, saizi tatu tulizonazo, na bei ya kila moja pamoja na ufundi. Ili nikuelekeze kwenye saizi inayowafaa, naomba kuuliza: kinachowasumbua zaidi ni gharama ya LUKU, au wageni kukosa maji ya moto asubuhi?"

Angalia swali lilivyo. Mama anaweza kulijibu kwa neno moja huku amesimama mapokezi. Halimwombi aeleze "mahitaji yake", wala halimtaki apange miadi. Na machaguo yote mawili ni shida ambazo mwenye gesti anazijua usiku na mchana, kwa hiyo anatambua kwamba anayeuliza anaifahamu kazi. Swali la "ungependa kujua nini zaidi?" linaonekana la heshima, lakini linamrudishia kazi mtu ambaye tayari ameonyesha hajui aulize nini.

Tuseme anajibu: "Asubuhi. Umeme unakata." Meseji hiyo ya maneno matatu inabadilisha biashara nzima. Sasa kijana anauliza vyumbani kuna hita za aina gani, na anaambiwa ni zile ndogo za kwenye bomba la mvua. Nyingi ya hizo hula kilowati 5 hivi kila moja. Wageni watatu wakioga kwa wakati mmoja ni kilowati 15, na laini ya kawaida ya fezi moja inaelemewa, swichi kubwa inaanguka. Kumbe shida ya mama haikuwa bili. Kijana angemtumia kurasa za "okoa gharama za umeme", angekuwa anamjibu mtu mwingine.

Hapo ndipo maelezo zaidi yanapokuwa na maana, kwa sababu sasa yana mwenyewe. Kwa kawaida wanalala wageni 16, na tukikadiria kila mmoja lita 25 za maji ya moto ya kuchanganya na baridi, ni lita 400. Hita ya lita 200, ambayo pengine ndiyo bei yake ingemvutia kwenye ule ukurasa, ingemwacha nusu ya wageni wakipiga kelele. Kuzipasha lita 400 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kwa umeme kunataka karibu uniti 19 kwa siku. Hesabu hiyo mama anaweza kuilinganisha na LUKU anayonunua. Na muuzaji mwaminifu ataongeza jambo ambalo vipeperushi hulipitia haraka: Juni na Julai Moshi hugubikwa na mawingu, kwa hiyo tangi liwe na koili ya umeme ya akiba, na siku hizo LUKU italiwa kidogo.

Je, akijibu, "Nitamwonyesha mwenzangu"? Basi karatasi yako itasafiri bila wewe. Meseji tamu uliyomwandikia mama haitafika kwa huyo mwenzake. Kitakachofika ni faili tu. Kwa hiyo jina lako, namba ya simu, bei na tarehe ambayo bei hiyo itakoma viwe ndani ya karatasi yenyewe. Hata jina la faili lina kazi: "Hita-sola-gesti-vyumba-12.pdf" litapatikana wiki ijayo, lakini "Document(3).pdf" limeshapotea kati ya risiti na kadi za michango ya harusi. Kisha uliza mwenzake huwa anaangalia nini kwanza, bei au uimara. Mama atakwambia, anamfahamu.

Kama aliyekuomba maelezo ni ofisi ya umma, hesabu inakuwa nyingine. Manunuzi ya taasisi za umma Tanzania hupita kwenye mfumo wa NeST, ulioanza kutumika 2023. Ofisa anayekupenda hawezi kukununulia kwa sababu ya kipeperushi. Muulize moja kwa moja kama hitaji hilo limo kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka, na uhakikishe umesajiliwa kwenye mfumo.

Kimya nacho kina namna yake. Usirudi kesho yake na "Mama, uliyaona maelezo?" Swali hilo linamfanya ajisikie mwenye deni, na mwenye deni hukwepa. Mpe siku tatu nne, kisha rudi na kitu kipya na kifupi, kwa mfano picha ya tangi mlilofunga kwenye gesti nyingine, kwa ruhusa ya mwenyewe, na sentensi moja kuhusu idadi ya vyumba. Asipojibu, subiri wiki moja na uandike mara ya mwisho: "Mama, kama jambo hili si la sasa, niambie tu, nami sitakusumbua."

Meseji hiyo ndiyo wauzaji wengi wanaogopa kuituma, na mimi naiona kuwa ya lazima. Inamfungulia mtu mlango wa kukataa bila kukosa adabu. Baadhi watajibu "si sasa, labda baada ya msimu wa wageni", na hiyo ni tarehe ya kuandika kwenye daftari. Wengine watasema hapana. Wanaoendelea kunyamaza, waache. Muda wako mpe yule aliyejibu swali la kwanza, hata kama alijibu kwa neno moja.