Tarehe ya kopo si tarehe ya bahasha

Kopo la aspirini lenye vidonge 1,000 likiandikwa kwamba litaisha muda Novemba 2027, tarehe hiyo ni ahadi ya kiwanda kwa dawa iliyo ndani ya kopo lile lile, kifuniko kikiwa kimefungwa. Mtoa dawa akihesabu vidonge 30 na kuvitia kwenye bahasha ya karatasi, ahadi hiyo inaishia hapo. Dawa ni ile ile, ila imepoteza ukuta wake.

Aspirini inaonyesha jambo hili vizuri kuliko dawa nyingine nyingi, kwa sababu adui yake mkubwa ni unyevu. Maji yanayoelea hewani yakipenya kwenye kidonge huivunja dawa na kutoa vitu viwili: asidi ya salisili, inayokwaruza tumbo, na asidi ya asetiki, ambayo ndiyo siki yenyewe. Ndiyo maana bahasha ya aspirini iliyoharibika hunuka siki mara tu ukiifungua. Kiangalie na kidonge: ukiona vijisindano vidogo vinavyong'aa juu yake, au kikimomonyoka unga ukikigusa, usikimeze. Dawa nyingine hazitoi onyo kama hilo, huharibika kimya kimya, kwa hiyo kukosa harufu si ushahidi kwamba dawa ni nzima.

Karatasi haizuii unyevu hata kidogo. Mfuko mdogo wa plastiki wenye zipu ni afadhali, lakini nao hupitisha unyevu polepole, na ukiwa mweupe huruhusu mwanga kupita. Furosemidi, dawa ya kupunguza maji mwilini, hugeuka manjano ikikaa kwenye mwanga. Zipo pia dawa ambazo hazifai kabisa kutolewa kwenye karatasi yake ya bati: amoksisilini iliyochanganywa na asidi ya klavulani huharibika haraka mno ikikutana na unyevu. Hizo zikatwe pamoja na bati lake, kidonge kibaki kimefungwa.

Vituo vingi hufungasha bahasha mapema ili foleni isikwame, na hapo ndipo tarehe inapopotea. Kanuni moja inayotumika katika famasia ni kuchukua robo ya muda uliobaki, au miezi sita, kisha kufuata ule ulio mfupi. Tuseme kopo letu limefunguliwa mwanzoni mwa Aprili 2026. Imebaki miezi 20 hadi mwisho wa Novemba 2027, na robo yake ni miezi mitano, yaani mwisho wa Agosti 2026. Kanuni hiyo ilitungwa kwa vifungashio vinavyobana vizuri, hivyo kwa bahasha ya karatasi mimi ningesema isizidi mwezi mmoja wa matibabu. Mgonjwa wa moyo anayemeza aspirini ya miligramu 75 kila siku apewe vidonge 30, arudi kuchukua vingine. Kumpa vya miezi sita kwenye karatasi si kumsaidia.

Juu ya bahasha iandikwe, kwa kalamu isiyofutika, jina la dawa na nguvu yake, idadi ya vidonge, jina la mgonjwa, namba ya toleo iliyo kwenye kopo, siku ilipofungashwa na siku ya mwisho ya kutumia. Namba ya toleo wengi huiruka, na bila hiyo, mamlaka ikitangaza kwamba toleo fulani lina kasoro, hakuna atakayejua ni bahasha zipi za kurudishwa. Kwa sababu hiyo hiyo, masalia ya kopo la zamani yasimwagwe kwenye kopo jipya.

Nalo lile andiko la «2×3» tuliache. Mwingine hulisoma kuwa vidonge vitatu mara mbili. Iandikwe kwa maneno: «Meza vidonge viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku.» Wino wake hauna gharama yoyote ukilinganisha na mgonjwa kukosea dozi.

Dukani au zahanati, vidonge vihesabiwe kwa kijiko na sahani safi, si kwa viganja vyenye jasho. Kopo lifungwe mara moja, na kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu kibaki ndani. Nyumbani, bahasha itiwe kwenye kopo kavu lenye kifuniko cha kubana, liwekwe kabatini chumbani, mahali pasipozidi nyuzi joto 30 na mtoto hafiki, maana bahasha mtoto huichana kwa sekunde moja. Jikoni kuna mvuke, bafuni kuna maji, na friji nayo hufanya vidonge vitoke jasho kila vikitolewa, kwa hiyo usiviweke humo bila kuambiwa.

Ukipewa bahasha isiyo na jina la dawa wala tarehe, usiondoke dirishani. Irudishe hapo hapo, mwombe mtoa dawa aziandike ukiwa unamwangalia.